Jibu lisilo ndiyo wala hapana

Jibu lisilo ndiyo wala hapana (katika makala hii linaitwa kwa ufupi jibu la kati) ni jibu ambalo mtu hutoa anapoombwa au kualikwa, bila kukubali waziwazi na bila kukataa waziwazi. Mifano ya Kiswahili ni "nitajaribu", "tutaona", "nitaangalia", "Mungu akipenda" na "inshallah". Karibu kila lugha ina maneno ya namna hii, lakini yule anayeyasikia hupaswa kukisia kama yanaelekea kwenye ndiyo au kwenye hapana. Ukisiaji huo hukosewa mara nyingi, hasa watu wanapotoka katika jamii tofauti au wanapozungumza kupitia mkalimani.

Majibu ya kati huchunguzwa na wataalamu wa pragmatiki (tawi la isimu linaloangalia maana ya maneno katika matumizi), wa anthropolojia na wa uchambuzi wa mazungumzo. Uchunguzi wao unaonyesha kwamba neno lenyewe kwa kawaida haliamui maana. Maneno yale yale yanaweza kuwa ahadi ya kweli au kukataa kwa adabu. Kinachoamua ni mambo yanayoambatana na neno: jibu limekuja upesi au limechelewa, limefuatwa na hatua ya pekee au na udhuru, na nani anamjibu nani.

## Maana ya maneno yenyewe

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alieleza katika makala iliyotolewa mwaka 1975 kwamba wasikilizaji hutegemea msemaji atoe habari za kutosha kwa haja ya mazungumzo. Akisema kidogo kuliko alivyoweza, wanatafuta sababu. Mtu anayeweza kusema "nitakuja" lakini anasema "nitajaribu kuja" amesema jambo dogo zaidi. Msikilizaji anajiuliza kwa nini hakulisema lile kubwa, na jibu la kwanza linalomjia ni kwamba kuna kizuizi. Hivyo "nitajaribu" huelekea kwenye hapana ingawa maana yake ya kamusi ni nia ya kufanya juhudi.

Hata hivyo kisio hilo si la lazima. Kuna sababu ya pili ya kusema kidogo, nayo ni kuogopa kuahidi kisichokuwa mikononi mwako. Methali ya Kiswahili "ahadi ni deni" inaeleza hofu hiyo vizuri: aliyeahidi anadaiwa, na akishindwa amekuwa mdaiwa sugu mbele ya watu. Kwa mtu anayeichukua methali hii kwa uzito, "nitajaribu" ni neno la uaminifu. Anakusudia kufanya, lakini hataki kujifunga kwa deni ambalo mvua, ugonjwa au gari bovu linaweza kumzuia kulilipa. Kwa hiyo neno moja hubeba maana mbili zinazopingana, yaani kukataa kwa adabu na kukubali kwa unyenyekevu.

"Tutaona" hufanya kazi kwa njia nyingine. Kiambishi chake ni cha wingi, na kitenzi hakitaji kufanya bali kuona. Uamuzi unaondolewa kwa msemaji na kuwekwa mikononi mwa wakati. Ndiyo maana neno hili linawafaa watu wenye mamlaka, kama mzazi kwa mtoto au mkuu kwa mfanyakazi wake, kwani hakuna anayeweza kuwabana wataje siku. Aliye chini, kwa upande wake, huwa hana nafasi ya kumwambia mkuu wake "tutaona". Yeye hulazimika kuonyesha juhudi, na hivyo husema "nitajaribu". Msikilizaji anayejua tofauti hii anaweza kukisia vizuri zaidi: "nitajaribu" ya mtu asiyeruhusiwa kukataa ina uwezekano mkubwa wa kuficha hapana kuliko "nitajaribu" ya rafiki wa rika moja.

## Sababu za kutokataa waziwazi

Mwanasosholojia Erving Goffman alitumia neno "uso" mwaka 1955 kwa kutaja heshima ambayo kila mtu anajidai mbele ya wenzake katika mazungumzo. Penelope Brown na Stephen Levinson waliendeleza wazo hilo katika kazi yao juu ya adabu ya lugha, iliyotolewa kwanza mwaka 1978 na kwa umbo la kitabu mwaka 1987. Kwao uso una pande mbili: haja ya kupendwa na kukubaliwa, na haja ya kutoingiliwa au kulazimishwa.

Ombi linagusa pande zote mbili. Anayeomba anambana mwenzake, na mwenzake akikataa anaonyesha kwamba hamjali aliyeomba. Jibu la kati linawaokoa wote wawili. Aliyeomba haondoki na "hapana" ya kurudi nayo nyumbani, na aliyeombwa hajafungwa. Gharama yake ni kwamba habari haikupita: mwombaji bado hajui apange nini. Katika jamii ambako watu watakutana tena kesho na keshokutwa, wengi huona gharama hiyo ni ndogo kuliko ile ya kuvunja uhusiano. Katika kazi yenye tarehe na bajeti, gharama hiyo hupanda haraka.

## Ishara zinazoambatana na maneno

Wachambuzi wa mazungumzo hurekodi watu wakizungumza na kupima hata vituo vifupi kati ya swali na jibu. Tangu kazi za Harvey Sacks na Anita Pomerantz imejulikana kwamba kukubali na kukataa huwa na maumbo tofauti. Kukubali huja upesi na kwa maneno machache. Kukataa huchelewa, huanza kwa neno la kusita, hutoa sababu, na mara nyingi neno la kukataa lenyewe halitamkwi kabisa.

Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walitoa utafiti wa lugha 10 kutoka mabara mbalimbali, zikiwemo Kijapani, Kidenmaki, Kiitalia na lugha moja ya Wahaillom wa Namibia. Kiswahili hakikuwemo. Kwa wastani kituo kati ya swali na jibu kilikuwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Lugha zilitofautiana, Kijapani kikiwa na vituo vifupi kuliko vyote na Kidenmaki virefu kuliko vyote. Lakini katika lugha zote, majibu ya kuthibitisha yalikuja mapema kuliko majibu ya kukanusha. Mwaka 2011 Felicia Roberts na wenzake waliwasikilizisha Wamarekani, Waitalia na Wajapani mazungumzo ambayo kituo kabla ya jibu la kukubali kilikuwa kimerefushwa. Katika makundi yote matatu, kadiri kituo kilivyokuwa kirefu ndivyo wasikilizaji walivyomwona anayejibu kuwa hataki sana.

Maana yake ni kwamba sehemu ya ishara hizi ni ya binadamu wote. Kinachobadilika kutoka jamii hadi jamii ni kiasi: kituo kinachohesabiwa kuwa kirefu, na maneno yanayokubalika kujaza kituo hicho.

### Mfano: mchango wa harusi

Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata desturi ya michango ya harusi nchini Tanzania, ambako kamati huomba ndugu na marafiki waahidi kiasi fulani na kukikamilisha kabla ya siku ya sherehe. Kijana anampigia simu mjomba wake.

> — Shikamoo mjomba.
> — Marahaba, hujambo mwanangu?
> — Sijambo. Mjomba, kamati imeniambia nikukumbushe ule mchango wa harusi ya dada.
> — (kimya) Aisee... mwezi huu umenikuta vibaya. Ada za watoto, na nyumba nayo inavuja. Lakini nitajaribu, mwanangu. Mama yako hajambo lakini?

Sasa jibu jingine kwa ombi lile lile:

> — Ah, nitajaribu, mwanangu. Mshahara ukitoka tarehe 28 nikutumie elfu hamsini. Namba yako ni ile ile?

Neno "nitajaribu" limo katika majibu yote mawili. Katika la kwanza limetanguliwa na kimya na sababu mbili, halina kiasi wala siku, na limefuatwa mara moja na swali la kubadilisha mazungumzo. Kijana mwenye busara ataiambia kamati isimhesabu mjomba, na hatampigia tena kwa jambo hilo. Katika la pili limekuja bila kusita, likafuatwa na tarehe, kiasi na swali ambalo lina haja tu kwa mtu anayekusudia kutuma. Hapo "nitajaribu" ni tahadhari iwapo mshahara utachelewa. Swali la namba ya simu ndilo ishara yenye nguvu zaidi, kwa sababu ni hatua ya kwanza ya tendo lenyewe.

## Kijapani: "zensho shimasu"

Japani ni nchi inayotajwa zaidi katika maandishi juu ya majibu ya kati. Mwaka 1974 Keiko Ueda aliandika makala juu ya njia 16 ambazo Wajapani hutumia kuepuka kusema hapana, zikiwemo kunyamaza, kutoa udhuru, kuahirisha, kuomba radhi na kujibu kwa maneno yenye maana mbili. Katika ofisi na biashara hutumika hasa maneno matatu. "Kangaete okimasu" maana yake ya neno kwa neno ni "nitalifikiria", "kentō shimasu" ni "tutalichunguza", na "zensho shimasu" ni takriban "nitalishughulikia ipasavyo". Yakitoka kwa waziri bungeni au kwa mteja baada ya kuonyeshwa bidhaa, bila siku wala jina la mtu atakayeshughulikia, Wajapani wengi huyachukua kuwa mwisho wa jambo. Neno "muzukashii", yaani "ni vigumu", ni zito zaidi. Mgeni hulisikia kama mwanzo wa majadiliano juu ya namna ya kutatua ugumu, kumbe mara nyingi limekusudiwa kuyafunga.

### Mkutano wa Nixon na Satō mwaka 1969

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Novemba 1969, wakati Waziri Mkuu Eisaku Satō alipokutana na Rais Richard Nixon mjini Washington. Japani ilitaka kisiwa cha Okinawa, kilichokuwa chini ya utawala wa Marekani tangu Vita Kuu ya Pili. Nixon alikuwa amewaahidi wenye viwanda vya nguo wa majimbo ya kusini, katika kampeni ya mwaka 1968, kwamba atapunguza nguo zinazoingizwa kutoka Asia. Kwa hiyo alimtaka Satō apunguze mauzo ya nguo za Japani. Kwa masimulizi ya kawaida, Satō alijibu "zensho shimasu", mkalimani akatafsiri kuwa atafanya kila awezalo, na Nixon akaelewa kwamba amepewa ahadi. Miezi ikapita bila kitu, na Nixon akajiona amedanganywa.

Kisa hiki hutumika kama mfano wa kosa la tafsiri, lakini hati zilizojulikana baadaye na masimulizi ya waliohusika yanaonyesha picha tofauti. Maneno kamili ya Satō yana utata. Pamoja na mazungumzo ya hadharani kulikuwa na njia ya siri kati ya Henry Kissinger na mjumbe wa Satō, profesa Wakaizumi Kei, aliyeandika habari zake katika kitabu mwaka 1994. Kwa njia hiyo Satō alikuwa ameenda mbali zaidi ya jibu la kati na kukubali kwamba suala la nguo litamalizwa kwa namna Marekani ilivyotaka. Shida yake ilikuwa nyumbani. Wenye viwanda na wizara ya biashara walikataa, na Satō hakuweza kuwaambia kwamba ameshaahidi, kwani angeonekana ameuza viwanda vya nguo ili apewe Okinawa.

Mapatano juu ya nguo yalifikiwa Oktoba 1971 tu, baada ya Marekani kutishia kuweka viwango yenyewe kwa kutumia sheria ya wakati wa vita ya mwaka 1917. Okinawa ilirudishwa kwa Japani tarehe 15 Mei 1972.

Kisa kinafundisha mambo mawili. Kwanza, jibu la kati linaweza kuficha kitu kingine kuliko kutotaka: anayejibu anaweza kuwa anataka lakini hana uwezo wa kuwafanya wenzake wakubali. Pili, ni rahisi mno kulaumu utamaduni au mkalimani baada ya mapatano kuvunjika. Maelezo hayo huwa na faida kwa pande zote, maana hayamlazimishi yeyote kusema aliahidi nini.

## Kimalagasi: kutojifunga na kesho

Mwanaisimu Mmarekani Elinor Ochs Keenan aliishi katika kijiji kimoja cha eneo la Vakinankaratra, nyanda za juu za Madagaska, na mwaka 1976 alitoa makala iliyohoji kama kanuni za Grice zinafaa kwa jamii zote. Aliona kwamba wanakijiji mara nyingi hawakutoa habari zote walizokuwa nazo, na msikilizaji hakukisia chochote kutokana na upungufu huo. Aliyeulizwa mama yako yuko wapi aliweza kujibu kwamba yuko nyumbani au sokoni. Mtu wa Ulaya angekisia kwamba anayejibu hajui, lakini Mmalagasi hakukisia hivyo.

Ochs Keenan alitaja sababu mbili. Katika kijiji ambako kila mtu anaona maisha ya mwenzake, habari mpya ni mali adimu, na aliyenayo haigawi upesi. Tena kuna hofu ya "tsiny", yaani lawama inayompata mtu ambaye maneno yake yamemdhuru au kumwaibisha mwingine. Anayesema kwa uhakika kwamba jambo fulani litatokea amejiweka hatarini ikiwa halitatokea. Kwa hiyo watu hawakupenda kutaja kwa uhakika mambo yajayo.

Katika hali kama hiyo jibu la kati halielekei kwenye ndiyo wala kwenye hapana. Ni njia ya kawaida ya kuzungumza juu ya kesho. Mgeni anayelisoma kama kukataa anakosea sawa na yule anayelisoma kama kukubali.

Utafiti huo huo una onyo dhidi ya kuwaweka watu wote wa jamii katika kapu moja. Katika makala ya mwaka 1974 Ochs Keenan alieleza kwamba maneno ya kuzunguka yalikuwa hasa ya wanaume, ambao walihesabiwa kuwa wasemaji bora kwa sababu hiyo. Wanawake walisema waziwazi zaidi, na ndio waliofanya kazi zilizohitaji uwazi, kama vile kubishania bei sokoni na kumkemea aliyekosa. Jamii moja ilikuwa na njia zote mbili, ikazigawa kati ya watu.

## Inshallah na Mungu akipenda

Neno "inshallah" limetoka katika Kiarabu na maana yake ni "Mungu akipenda". Linatumiwa na Waislamu wa lugha nyingi, na katika nchi za Kiarabu na Wakristo pia. Msingi wake wa kidini ni aya za 23 na 24 za sura ya 18 ya Kurani (Al-Kahf), zinazomwonya mtu asiseme atafanya jambo kesho bila kuongeza kwamba ni kwa kupenda kwake Mungu. Wazo linalofanana nalo liko katika Biblia, katika Waraka wa Yakobo 4:13-15, na Wakristo wanaotumia Kiswahili husema "Mungu akipenda" au "Mungu akinijalia".

Kwa hiyo, kwa mtu anayefuata mafundisho haya, ahadi ya kweli kabisa inapaswa kuwa na neno hilo. Kulisikia hakumwambii msikilizaji chochote juu ya nia, kwa sababu linasemwa na anayekusudia kuja na asiyekusudia. Wakati huo huo, kwa kuwa linaweka mambo mikononi mwa Mungu, ni neno rahisi la kukimbilia kwa asiyetaka kukataa. Matumizi haya ya pili yamekuwa chanzo cha utani katika nchi za Kiarabu kwenyewe, ambako watoto hujifunza mapema kwamba "inshallah" ya mzazi juu ya kununuliwa kitu inaweza kuwa hapana.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, na kati ya wasemaji wa Kiswahili wa Omani, tofauti hutambuliwa kwa yale yaliyolizunguka neno. "Kesho saa nne asubuhi, inshallah, nitakuwa pale gatini" ni miadi. Neno limewekwa katikati ya sentensi iliyokamilika yenye saa na mahali. "Inshallah, inshallah", likisemwa peke yake, kwa kurudiwa na kwa sauti inayoshuka, huku msemaji akigeukia jambo lingine, kwa kawaida si miadi. Mgeni anayelidharau neno lenyewe atawadharau pia watu waaminifu wanaolisema kwa imani.

## Bado na tutachunguza

Njia nyingine ni kukanusha bila kufunga mlango. Kiindonesia kina neno "belum", linalolingana vizuri na "bado" ya Kiswahili. Mtu mzima ambaye hana mke wala mume, akiulizwa kama ameoa, hujibu "belum" kuliko "tidak" (hapana), hata kama hana mpango wowote wa kuoa. Vivyo hivyo kwa Kiswahili, anayeulizwa kama ameleta fomu au amemaliza kulipa hujibu "bado", na neno hilo halisemi kama kazi imeanza. Jibu ni hapana kwa leo, nalo linaacha kesho wazi.

Nchini China jibu la "yanjiu yanjiu", yaani "tutalichunguza kidogo", linajulikana kama jibu la ofisa asiyetaka kuamua. Wachina hulifanyia utani kwa sababu sauti zake zinakaribia sana za maneno "tumbaku na pombe" ("yan jiu"). Utani unadokeza kwamba ofisa hajakataa, bali anangoja zawadi. Hapo jibu la kati lina maana ya tatu, yaani ombi la kitu kabla ya ndiyo. Msikilizaji anayelichukua kama hapana anaondoka, na anayelichukua kama ndiyo anangoja bure.

## Mipaka ya maelezo ya kitamaduni

Vitabu vingi vya mafunzo ya biashara hufuata mgawanyo uliotolewa na mwanaanthropolojia Edward T. Hall katika kitabu cha mwaka 1976. Hall alitenganisha jamii ambako sehemu kubwa ya ujumbe iko katika mazingira na uhusiano wa watu, akiitaja Japani, na jamii ambako ujumbe uko zaidi katika maneno, akiwataja Wajerumani. Mgawanyo huu unasaidia kuanza kufikiri, lakini umekosolewa kwa kukosa vipimo na kwa kuzitaja nchi nzima kana kwamba watu wake wote huzungumza namna moja.

Hata Mwingereza au Mjerumani hutoa majibu ya kati. Kwa Kijerumani "mal sehen" ni "tutaona" kwa maana na kwa matumizi, na mwalikwa anayejibu hivyo mara nyingi haji. Vilevile Mjapani anayezungumza na ndugu au rafiki wa karibu anaweza kukataa kwa neno moja. Uchunguzi wa Leslie Beebe na wenzake, uliotolewa mwaka 1990, uliwalinganisha Wajapani na Wamarekani wakikataa maombi na mialiko. Ulionyesha kwamba Wajapani walibadilisha maneno zaidi kufuatana na cheo cha anayekataliwa. Makundi yote mawili yalijua kukataa kwa kuzunguka. Tofauti ilikuwa ni kwa nani na wakati gani.

## Namna ya kupata jibu linaloeleweka

Ugumu hupungua ikiwa anayeuliza atabadilisha swali. Swali la "utakuja?" linamlazimisha mwenzake achague kati ya kuahidi na kuaibisha, na hivyo linazaa jibu la kati. Swali la "nikuhesabu kwenye chakula au nimwachie mwingine nafasi?" linaifanya hapana kuwa msaada kwa aliyeuliza, na hivyo ni rahisi kuitamka. Njia nyingine ni kuuliza juu ya hatua badala ya nia: "kipi kinaweza kutukwamisha?" au "nani mwingine anapaswa kukubali?" Kama Nixon angepata jibu la wazi kwa swali hili la mwisho, angejua kwamba tatizo lilikuwa viwanda na wizara ya Japani.

Kumbana mtu hadi atamke "ndiyo" hakusaidii. Ndiyo iliyopatikana hivyo ina thamani ndogo kuliko "nitajaribu" ya kwanza, kwa sababu imetolewa ili mazungumzo yaishe. Anayesikia jibu la kati bila tarehe, kiasi wala hatua anaweza kungoja siku kadhaa na kuuliza tena mara moja kwa upole. Jibu lile lile likirudi bila nyongeza, kwa kawaida ni hapana.

Jamii kadhaa zina njia ya zamani zaidi, yaani kumtumia mtu wa tatu. Katika posa ya Waswahili kazi hii hufanywa na mshenga, na Japani na nakōdo. Familia ya msichana inaweza kumwambia mshenga sababu ambazo haingemwambia kijana usoni, na mshenga huzipeleka kwa maneno yanayofaa. Anayekataliwa hakuwepo wakati wa kukataliwa, na hivyo wote wanaweza kukutana sokoni kesho yake bila haya.